"Pole Bibi": Slaidi Tano kwa Watoto wa Dada Yangu

Leo sina mapishi wala mishono. Nataka kukuhadithieni jinsi nilivyoshindwa kuwafunza watoto wa dada yangu neno moja dogo, na kilichonibidi nibadilishe mpaka likakaa.

Mwaka jana mama aliteleza uani akavunjika mkono. Dada yangu yuko London na wanawe wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume 6. Siku ya pili akapiga simu ya picha ili wajukuu wampe Bibi pole. Wakati huo nilikuwa nimeshawatengenezea slaidi za Kiswahili, zile picha unazozitelezesha kwa kidole moja baada ya moja, kama zile za Instagramu. Nilikuwa nimezisifia mwenyewe, maana rangi zilikaa vizuri na pembeni nilitia maua ya mkilua. Yule mdogo akaifungua simu ya mama yake, akaitafuta ile slaidi, akasoma kwa sauti kubwa: "Poul, Bibi!"

Mama akanigeukia. "Kanambia nini?"

Alikuwa amelisoma neno letu kama neno la Kiingereza lenye herufi zile zile, lile la nguzo ya bendera. Mtoto kakaa mbele ya bibi yake aliyefungwa plasta, kamwambia "nguzo". Tulicheka, lakini nilimwona mama akilirudia neno kimya kimya mdomoni, akitafuta maana yake. Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji. Maneno ya wale watoto yasipomfikia kwa Kiswahili, basi hayamfikii kabisa.

Usiku ule nilizifungua slaidi zangu zote nikazitazama upya. Zilikuwa na makosa matatu, na nadhani wengi wetu tunaotengeneza vitu hivi tunayafanya.

La kwanza ni matamshi. Chini ya kila neno nilikuwa nimeliandika tena kwa tahajia ya Kiingereza, nikidhani namsaidia mtoto. Kumbe nampa sauti za Kiingereza. Vokali ndefu nyingi za Kiingereza zina mkia: mdomo unaanza mahali na kumalizia mahali pengine. Ndiyo maana hata yule mkubwa, ambaye hakulisoma kama nguzo, alisema "pou-lei". Vokali zetu tano hazitembei. Ukisema "o" mdomo ni duara tangu mwanzo mpaka mwisho, na ukisema "e" unabaki pale pale.

Tena kuna "shikamoo". Jamani, ile "moo"! Kwa mtoto anayesoma Kiingereza hiyo ni sauti ya ng'ombe. Mdogo alikuwa anamwamkia bibi yake "shikamuu" na kuangua kicheko kila mara, na mama akidhani mjukuu hana adabu. Mtoto alikuwa anasoma alichokiona.

Kosa la pili, nilikuwa nimetia maneno kumi kwenye mfululizo mmoja, salamu, rangi, vyakula na namba pamoja, kama biashara ya duka la jumla. La tatu, ambalo ndilo kubwa, maneno hayakuwa na majibu. Niliandika "Pole" na maana yake, basi. Sikuandika nani anamwambia nani, lini, wala yule anayeambiwa anajibu nini. Mtoto anayekulia Unguja haoni maneno yamepangwa kwenye orodha. Anaona mtu kaanguka, anasikia "pole", anasikia "nishapoa". Vinaingia vikiwa vimeshikana.

Nikaanza upya. Sasa kila mfululizo una neno moja tu na slaidi tano. Nitakuonyesheni ule wa "Pole" jinsi ulivyo, maana ndio ulionifunza zaidi.

Slaidi ya kwanza haina maandishi. Ni picha peke yake: Bibi amekaa barazani, mkono umefungwa, mtoto amesimama mlangoni. Nilichora kwa mkono nikapiga picha. Hii ndiyo slaidi niliyoidharau mwanzo, na sasa naona ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, nitaeleza kwa nini.

Slaidi ya pili ina neno kwa herufi kubwa, na chini yake limekatwa kwa kupiga makofi: PO-le. Makofi mawili, la kwanza zito. Hapo tu lile tatizo la nguzo limekwisha, kwa sababu nguzo ya Kiingereza ni kofi moja. Kwa maneno yetu karibu yote kofi zito ni la pili kutoka mwisho, na hilo mtoto akishalijua halimtupi. Ila lazima aone kwamba neno likiongezeka uzito nao unahama. Mtu mmoja unamwambia ka-RI-bu, wakija wengi ni ka-ri-BU-ni. A-SAN-te inakuwa a-san-TE-ni. Watoto wa dada walikuwa wanasema "kaRIbuni", uzito umeganda pale pale. Nilipowafanyia mchezo wa makofi, mkubwa akashika siku hiyo hiyo.

Slaidi ya tatu ni ya mdomo, yaani hila moja tu ya kuitoa sauti. Kwa "pole" niliandika: tazama kioo, sema "po", midomo isisogee mpaka "le" ije. Kisha nikamwelekeza mama yao kwenye maneno mawili ya Kiingereza ya kuazima sauti: lile la chungu cha kupikia, ukate "t" ya mwisho unabaki na "po", na lile la kuruhusu, ukate "t" vile vile unabaki na "le". Kwa mtoto wa London inafanya kazi vizuri. Rafiki yangu aliyeolewa Marekani akaichukua, mwanawe akatoa "pa-le"! Wamarekani wengi hulitamka lile neno la chungu kwa sauti iliyo karibu na "a" yetu. Kwa hiyo shoga yangu, ukiazima sauti, azima kwa lafudhi ya mji anaokulia mtoto wako, si ya mji wa mwenye slaidi.

Slaidi ya nne ni mazungumzo mafupi:

Mtoto: Shikamoo Bibi.
Bibi: Marahaba, mjukuu wangu.
Mtoto: Pole, Bibi.
Bibi: Nishapoa, ahsante.

Mistari minne tu. Lakini ndani yake mtoto anajua kwamba anaanza yeye, kwamba salamu inatangulia, na kwamba akisikia "nishapoa" amejibiwa vizuri. Kabla ya hapo mdogo alikuwa akisikia "marahaba" na yeye anarudisha "marahaba", kama anavyorudisha salamu nyingine.

Slaidi ya tano inabadilisha mahali. Neno ni lile lile, tukio jingine: baba karudi kazini, "Pole na kazi", shangazi kashuka uwanja wa ndege, "Pole na safari". Hapa pia niliweka picha ya mtoto kamkanyaga Bibi mguu, na neno lililoandikwa si pole, ni "Samahani, Bibi". Hili liliwasumbua sana. Kiingereza kinatumia neno moja kwa kuomba radhi na kwa kumhurumia mtu, kwa hiyo wao kila kosa walilofanya walisema "pole". Ukimwaga chai ya mtu ukamwambia pole na kunyamaza, ni kama unamsikitikia kwa mkosi uliomfika, wakati mkosi ni wewe.

Sauti nayo. Maandishi peke yake hayafiki mbali, kwa hiyo kila mfululizo naupeleka na sauti ya Watsapu, na sauti ni ya mama mwenyewe. Mara ya kwanza nilimwambia aseme polepole sana ili wasikie. Akasema "po... le", uzito sawa sawa, na watoto wakamrudia kama saa ya ukutani. Ukivuta neno silabi moja moja, uzito unapotea. Sasa anasema kwa kasi ya kawaida, halafu polepole mara moja, halafu kwa kawaida tena. La mwisho kusikika ndilo linalobaki masikioni.

Na ile slaidi ya kwanza isiyo na maandishi? Ndiyo mtihani wetu. Baada ya siku tatu nne dada anamwonyesha mtoto ile picha tu, hatelezeshi. Mtoto akilisema neno kabla ya kuliona, limeingia. Akinyoosha kidole ili atelezeshe, bado anasoma tu, hajajua. Watoto wetu ni wasomaji hodari, tunadanganyika kwa hilo. Mtoto wa kike alikuwa anasoma slaidi zangu za mwanzo zote kumi bila kukwama, na simu ikikatwa hakumbuki hata moja.

Niseme na zile sauti ambazo watu huziogopa, maana naulizwa sana. Mama anakaa Jang'ombe, na wale watoto walikuwa wanasema "Jan-gombe". Sauti ya ng' wanayo tayari: iko mwishoni mwa neno la Kiingereza la kuimba. Mwambie mtoto alianze neno hilo, abaki pale mwisho akivuma, kisha aongeze "ombe" bila kugonga "g". Ile "ng" ya "ngoma", yenye "g" ndani yake, iko katikati ya neno lao la kidole. Kuimba na kidole, basi. Kwa harusi ya mdogo wetu nikawapa neno la kulifanyia mazoezi, "Bibi harusi anang'ara", wakawa wanaliimba kwenye gari mpaka baba yao akachoka.

Na dh, th, gh hazina tabu kwao. Mbili za kwanza Kiingereza kinazo, na gh wanaipata madrasa: mwambie mtoto "ghali" inaanza na ile ghayn ya ustadhi wake. Hapo watoto wa nje wanawashinda hata baadhi yetu tulioko hapa.

Inayowatesa kweli ni "m" inayosimama peke yake mbele ya herufi nyingine. Mkate, mtoto, mchuzi. Kiingereza hakianzi neno hivyo, kwa hiyo mtoto anatafuta vokali ya kumsaidia, na mara nyingi anatia "i". Walipokuja likizo, mkubwa alimwambia bibi yake, kwa adabu zote, "Naomba mikate." Mama akamwekea mikate mitatu ya kumimina mbele yake na kusimama kuhakikisha inaliwa. Kwa mama mtoto hakukosea kutamka hata kidogo, ameomba mingi na amepewa mingi. Slaidi ya mdomo ya neno hili inasema: funga midomo, vuma kama unaonja kitu kitamu, kisha fungua kwa "ka". M-KA-te. Kama mtoto anafungua midomo kabla ya "ka", i imeshaingia. Unaiona kwa macho kabla hujaisikia, kwa hiyo mtazame, usimsikilize tu.

Hiyo "naomba" pia niliifanyia mfululizo wake. Watoto wa dada walikuwa wanasema "nataka maji", tafsiri ya kile wanachosema kwao, na kwao si vibaya ukitia lile neno lao la ustaarabu mwishoni. Mama yao akawafunza watie "tafadhali". Sasa "Nataka maji tafadhali" si kosa la sarufi, lakini hapa kwetu mtoto hamwambii bibi yake hivyo. Adabu iko ndani ya kitendo: "Naomba maji, Bibi." Tafadhali haina kazi hapo.

Kuna mfululizo mmoja nilioufuta kabisa. Mama alikuwa anamwonyesha mjukuu wa kike kanga mpya kwenye simu, jozi ya rangi ya zambarau aliyonunua Darajani. Mimi nilikuwa nimeshampelekea mtoto slaidi ya "Imekufaa", nikijivunia kwamba ni neno zuri la kusifia nguo. Mtoto akasema, kwa tabasamu: "Bibi, kanga imekufa."

Mama akaishusha ile kanga. "Imekufa?"

Tofauti ni "a" moja. I-me-KU-fa, imekwisha roho. I-me-ku-FA-a, imekukaa vizuri. Ile "a" ya ziada ni kofi kamili, na ikidondoka uzito unarudi nyuma na maana inageuka. Mtoto wa Kiingereza haisikii, kwa sababu kwake kurefusha vokali hakuongezi silabi. Nilitengeneza slaidi mbili zaidi za makofi kuieleza, nne dhidi ya tano, na aliweza kuzipiga. Lakini kwenye simu, akiwa na furaha na haraka, a ilidondoka tena.

Ndipo nikajiuliza kwa nini namng'ang'ania. Kuna "imekupendeza", ambayo hata akiikosea vipi bibi yake atajua anasifiwa. Nikaibadilisha. Tangu hapo, kabla ya kuchora neno lolote, nalitamka kwanza kama watakavyolikosea wao. Likigeuka tusi, msiba au ombi la mikate mitatu, nalingojesha mwaka mwingine. "Kaa hapa" ilipita, kwa sababu hata akisema "ka hapa" anaeleweka. "Naenda chooni" nayo ilipita, ikapata slaidi yake ya makofi, cho-O-ni.

Na niliacha yale ya watalii. "Hakuna matata" watoto wanayo kutokana na ile filamu ya simba, na hakuna ubaya, lakini mama akiambiwa hivyo anamtazama mjukuu kama mgeni wa hoteli. Nikawapa "hamna tabu".

Mabibi harusi wangu mnaofunga virago kwenda kwa waume zenu Toronto na Muscat, najua hili kwenu ni la mbali. Ila sauti ya bibi wa watoto wako inarekodiwa sasa, wakati anayo. Mwambie mama aseme haya machache kwenye simu, kwa kasi ya kawaida, na uyaweke mahali hata ukibadilisha simu hayapotei.

Mwezi uliopita mama alirudi hospitali kuangaliwa ule mkono, na jioni dada akapiga. Mdogo alikuwa sasa na miaka 7. Simu alikuwa nayo dada mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na slaidi mbele yake. Akasogea, akamwangalia bibi yake, akasema: "Shikamoo Bibi." Mo-o, si muu.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Pole, Bibi."

Makofi mawili, la kwanza zito. Mama akanyamaza kidogo, akavuta mtandio wake akajifuta. "Nishapoa, baba. Ahsante. Na wewe u mzima?"

Mstari huo haukuwemo kwenye slaidi yangu. Mdogo akatazama juu, akatazama mama yake, akarudi kwa Bibi na kujibu kwa uhakika kabisa: "Nishapoa!"

Mama alicheka mpaka akashika ule mkono. Mimi nimekaa na karatasi na kalamu za rangi, nachora picha ya kwanza ya "U mzima?", na nimekwama kidogo, maana sijajua unamchoraje mtu asiye na lolote linalomuuma.